Farasi husinzia wima, lakini ndoto humlaza chini

Watu wengi wanajua kwamba farasi anaweza kulala akiwa amesimama. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba farasi asiyelala chini hata kidogo, usiku baada ya usiku, ana shida, na shida hiyo huacha alama mwilini mwake kwa yeyote anayejua pa kutazama. Nimefanya kazi ya kutunza farasi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hakuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kama hili la usingizi wao. Maelezo ya kila siku ni mafupi: farasi hufunga miguu yake, kwa hiyo hana haja ya kulala chini. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili imewafanya farasi wengi, hasa wazee, wateseke kimya kimya, kwa sababu mwenye farasi akimkuta mnyama wake amesimama saa zote za usiku huona ndivyo farasi walivyo.

Tuanze na miguu ya nyuma, maana ufundi wenyewe uko huko. Goti halisi la farasi haliko pale wengi wanapodhani. Kile kiungo kikubwa kilicho katikati ya mguu wa nyuma, kinachotokeza kwa nyuma, ni kisigino. Goti liko juu zaidi, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi na misuli ya paja. Mbele ya goti hilo kuna mfupa mdogo uitwao pia, kama ilivyo kwetu, ila pia ya farasi imeshikizwa kwenye mfupa wa muundi kwa ligamenti tatu: ya nje, ya kati na ya ndani. Mwisho wa chini wa fupa la paja nao una matuta mawili yenye mfereji katikati, na mguu unapokunjwa na kunyooshwa pia huteleza ndani ya mfereji huo. Matuta hayo hayalingani. Lile la upande wa ndani ni kubwa kuliko la nje, na sehemu yake ya juu imetuna ikawa nundu.

Nundu hiyo ndiyo siri ya jambo lote. Ligamenti ya kati na ile ya ndani, pamoja na gegedu linaloiunganisha ya ndani na pia, hufanya kitanzi. Farasi anapotaka kupumzika, msuli wa paja huivuta pia juu, kisha pia husogea kidogo upande wa ndani, na kitanzi hutua juu ya nundu kama kamba inavyotundikwa kwenye kigingi. Kuanzia hapo uzito wa mwili unaotaka kulikunja goti hukutana na mfupa na ligamenti badala ya msuli. Akitaka kutembea, msuli wa paja huinyanyua pia tena, huisogeza upande wa nje, na kitanzi huchomoka.

Goti likishafungwa, kisigino nacho kimefungwa, ingawa hakina nundu wala kitanzi chake. Mbele na nyuma ya muundi kuna kano mbili ngumu zinazoanzia kwenye fupa la paja na kushuka hadi kwenye kisigino. Urefu wake haubadiliki sana, kwa hiyo kiungo kimoja kikikunjwa cha pili lazima kikunjwe, na kimoja kikizuiwa cha pili huzuiwa pia. Ukiwa na shaka, mtazame farasi aliyechanika kano ya mbele. Daktari wa mifugo akiushika mguu wake na kuuvuta nyuma, kisigino hunyooka huku goti likiwa bado limekunjwa, na kano nene iliyo juu ya kisigino hulegea na kujikunjakunja. Kwa farasi mzima huwezi kamwe kuviweka viungo hivyo viwili katika hali hiyo.

Kwa kawaida farasi aliyetulia hufunga mguu mmoja tu wa nyuma. Wa pili huulegeza, ncha ya kwato ikigusa ardhi kidogo, na nyonga ya upande huo hushuka. Baada ya dakika kadhaa hubadilisha. Hii ni dalili nzuri ya kutazama zizini: farasi anayepumzisha miguu yote miwili ya nyuma kwa zamu yuko sawa, lakini anayekataa kabisa kuubebesha uzito mguu mmoja, yaani anapumzisha uleule kila mara, mara nyingi mguu huo unamuuma.

Kufuli hilo lina kasoro yake. Kwa baadhi ya farasi, hasa wachanga ambao misuli ya mapaja haijakomaa, au wale ambao miguu yao ya nyuma imenyooka kupita kiasi, kitanzi hukataa kuchomoka. Mguu hubaki umenyooka kwa nyuma, mgumu, kwato ikiburuzwa, kisha ghafla hufunguka kwa mshtuko. Farasi wengi wa namna hiyo hupona kwa mazoezi ya kuimarisha mapaja, kama kupanda miteremko na kutembezwa kila siku bila kufungiwa ndani. Nimeona watu wakikimbilia upasuaji wa kuikata ligamenti ya ndani kabla hata ya kujaribu mazoezi, na naona ni haraka isiyo na sababu, kwa kuwa ligamenti hiyo ikishakatwa goti hupoteza mshikio wake na linaweza kupata matatizo mengine.

Miguu ya mbele, ambayo hubeba kama asilimia 60 ya uzito, haina nundu ya aina hiyo. Huko kazi hufanywa na kano. Kano ya msuli unaopita mbele ya bega huzuia bega lisikunjike, na tawi lake hushuka hadi mbele ya kiungo cha katikati ya mguu na kukizuia nacho. Chini zaidi, juu ya kwato, kuna ligamenti nene ambayo zamani za mageuzi ilikuwa msuli na sasa karibu yote imegeuka kuwa kamba. Hiyo huzuia kifundo cha juu ya kwato kisizame ardhini. Shingoni nako ligamenti pana inayonyumbuka husaidia kukibeba kichwa.

Sasa, je, kazi hii yote hufanyika bila msuli wowote? Kwa muda mrefu vitabu vilisema hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulipima umeme wa misuli ya farasi waliosimama, ulionyesha kwamba sivyo. Sehemu moja ndogo ya msuli wa paja, ile ya upande wa ndani, huendelea kufanya kazi kidogo muda wote ili pia isiteleze kutoka kwenye nundu. Nguvu inayohitajika ni ndogo sana, kama asilimia 2 tu ya ile ambayo ingehitajika kama kitanzi kisingekuwepo. Lakini si sifuri. Tofauti kati ya kidogo sana na sifuri ndiyo inayoeleza kwa nini farasi lazima alale chini.

Maana usingizi wa farasi si wa aina moja. Kwanza kuna kusinzia, macho nusu yamefumba, mdomo wa chini umelegea. Kisha kuna usingizi mzito, ambao mawimbi ya ubongo huwa makubwa na ya polepole. Yote hayo farasi huyaweza akiwa wima, kwa sababu misuli hupunguza kazi bila kuiacha. Hatua ya tatu ni usingizi wa ndoto. Hapo macho huchezacheza chini ya kope, masikio na midomo hutikisika, pumzi huenda bila mpangilio, na ubongo huzuia amri zake zisifike kwenye misuli ya mwili. Uzuiaji huo ni kinga, kwani bila huo mnyama angekimbia kweli akiwa ndotoni. Ila ukishatokea, ile asilimia 2 nayo inaondoka. Shingo huanguka, miguu ya mbele huanza kukunjika, na hakuna aliyebaki macho ndani ya kichwa hicho wa kurekebisha mizani. Kano haziwezi kuusawazisha mwili wa kilo 500 unaoyumba.

Mfaransa Yves Ruckebusch, aliyepima usingizi wa mifugo katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta kwamba katika saa 24 farasi husinzia kwa kama saa mbili, hupata usingizi mzito kwa kama saa mbili nyingine, na usingizi wa ndoto haufiki saa moja. Huo wa ndoto nao hauji kwa mkupuo. Huja vipande vipande vya dakika chache, zaidi kati ya saa sita usiku na alfajiri. Kwa hiyo muda ambao farasi analazimika kuwa chini ni mfupi kwa asili yake, na anaweza kuugawa usiku kadiri hali inavyomruhusu.

Hulala chini kwa namna mbili. Ya kwanza ni kukaa kifuani, miguu imekunjwa chini yake, shingo imeinuliwa au mdomo umeegemezwa ardhini. Akiegemeza mdomo hivyo anaweza kuota kidogo. Ya pili ni kulala ubavu moja kwa moja, kichwa na miguu vimenyooka, na hapo usingizi wa ndoto hukamilika bila kizuizi. Kipande kimoja cha kulala ubavu mara nyingi hakifiki nusu saa.

Kwa nini asiendelee tu hadi asubuhi? Jibu la kwanza analolitoa kila mtu ni simba na mbwamwitu. Ni jibu la kweli. Mnyama mzito anayetegemea mbio hawezi kukimbia akiwa ubavuni. Lazima kwanza ajiviringishe kifuani, anyooshe miguu ya mbele, kisha ajisukume juu kwa miguu ya nyuma, na sekunde hizo ni nyingi mbele ya meno. Ndiyo maana kundi linapopumzika karibu kila mara kuna mmoja aliyebaki wima. Hata hivyo jibu hilo halitoshi, kwani farasi aliyezaliwa zizini na ambaye hajawahi kumwona mnyama mla nyama naye halali chini muda mrefu. Kuna jambo jingine ndani ya mwili wake mwenyewe.

Jambo hilo tumelijifunza zaidi kutoka kwenye vyumba vya upasuaji. Farasi anapopewa nusukaputi hulazwa chini kwa saa moja, mbili au zaidi bila kuweza kujigeuza, na hapo gharama ya kulala chini huonekana wazi. Utumbo wake mpana pamoja na mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwake hubeba zaidi ya lita 100 za chakula kinachochacha. Akisimama, mzigo huo unaning'inia chini, mbali na mapafu. Akilala ubavu au chali, unakisukuma kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na pafu la upande wa chini hubanwa. Damu huendelea kupita katika pafu hilo lakini hewa haifiki vizuri, kwa hiyo oksijeni mwilini hushuka hata pale mashine inapompumulia.

Misuli nayo hulalamika. Ile iliyo chini, ya bega na paja, hubanwa kati ya sakafu na uzito wa juu mpaka damu ishindwe kupenya katika mishipa midogo. Madaktari wa nusukaputi hujitahidi wastani wa shinikizo la damu usishuke chini ya milimita 70 za zebaki, hasa kwa sababu hii, na humlaza mgonjwa juu ya magodoro manene huku mguu wa mbele wa chini ukivutwa mbele. Yakishindikana hayo, farasi huamka na misuli iliyovimba na kuwa migumu, anatoka jasho, hawezi kuukanyagia mguu. Au neva ya mguu wa mbele imebanwa na kiwiko kinaning'inia. Hata hatamu huvuliwa kichwani kabla ya upasuaji, kwa sababu kifungo kidogo cha chuma kikibaki chini ya shavu kinaweza kuibana neva ya uso, na mnyama akaamka mdomo umepinda upande mmoja. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba katika kila farasi 100 waliopewa nusukaputi, tukiwatoa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, karibu mmoja alikufa ndani ya wiki moja. Kwa binadamu kiwango kama hicho kingetisha hospitali yoyote.

Farasi aliyelala kwa hiari yake si sawa na aliyepewa dawa. Shinikizo lake la damu liko imara, na ubavu ukianza kumbana huamka na kujigeuza. Lakini nguvu zinazombana ni zilezile, na nadhani ndizo zinazomwamsha mapema. Mtoto wa farasi, ambaye ni mwepesi na tumbo lake bado ni dogo, hulala ubavu mara nyingi mno mchana na usiku, karibu na miguu ya mama yake. Kadiri uzito unavyoongezeka, muda huo unapungua.

Hapo ndipo nafikia kisa ninachotaka kieleweke zaidi. Nililetewa farasi jike mzee, mwenye miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya vidonda mbele ya vifundo vya miguu ya mbele, juu kidogo ya kwato. Vilikuwa vinakauka na kufunguka upya. Mwenye farasi alidhani anagonga mlango wa banda, akauzungushia mlango sponji. Vidonda vikaendelea. Mchana mnyama alikuwa mpole kupita kawaida, kichwa chini. Mtu mmoja alisema ana narkolepsi, ule ugonjwa wa usingizi wa ghafla.

Tuliweka kamera ya usiku bandani. Usiku wa manane alisimama katikati, shingo ikaanza kushuka, midomo ikalegea. Kichwa kilipofika karibu na ardhi miguu ya mbele ilikunjika ghafla, akaanguka kwa vifundo, akashtuka na kujizuia, akasimama tena macho yakiwa wazi. Baada ya muda ilijirudia, kisha ikajirudia tena. Hakulala chini hata mara moja. Kila alipoigusa ndoto mwili ulimwangusha, na kuanguka kulimwamsha. Vidonda vyake vilikuwa alama za jambo hilo.

Narkolepsi ya kweli ni nadra. Mara nyingi huanza utotoni, na huweza kuchochewa na kupigwa brashi, kuoshwa au kuletewa chakula, wakati mnyama alikuwa macho kabisa. Huyu alikuwa anaanguka akiwa ametulia tu, baada ya kusinzia, na katika uzee. Hiyo ni picha ya farasi aliyenyimwa usingizi. Farasi anaweza kukosa kulala chini kwa siku kadhaa, kwa mfano baada ya kuhamishwa, bila kuonyesha chochote. Kukiendelea kwa wiki, kuanguka huanza.

Swali likawa: kwa nini halali chini? Sababu kubwa ni mbili, maumivu na hofu, na hutenganishwa kwa kujaribu moja baada ya nyingine. Huyu alikuwa anaishi na wenzake walewale siku zote, mahali palepale, kwa hiyo hofu haikuwa na msingi wa wazi. Lakini alikuwa ameacha kugaagaa mchangani, kitu ambacho farasi mzima hukipenda, na daktari alipomkunja visigino kwa muda mfupi kisha akamkimbiza, alichechemea. Viungo vya visigino vilikuwa na uvimbe wa uzee. Kulala chini kungewezekana kwake. Kuinuka ndiko kulikomtisha, kwa sababu msukumo wote wa kuinuka hutoka miguu ya nyuma.

Daktari alimwandikia dawa ya maumivu kwa majaribio. Sisi tukambadilishia banda dogo kwa kubwa, ili apate nafasi ya kunyoosha miguu ya mbele bila kugonga ukuta, na tukamwaga maranda mengi hadi pembeni kabisa. Rafiki yake tukamweka banda la jirani ambapo walionana. Kabla hata ya kuangalia kamera tulijua kuna mabadiliko, kwani asubuhi moja alikuwa na maranda mkiani na ubavuni, na manyoya ya upande mmoja yamelala. Kamera ilithibitisha: alikuwa amekaa kifuani mara kadhaa na kulala ubavu kwa dakika chache. Vidonda vilikauka. Kama angeendelea kuanguka hata baada ya kupata usingizi wa chini, hapo ningerudi kwenye wazo la narkolepsi.

Dawa hizo haziwezi kuendelea bila uangalizi, maana kwa matumizi marefu huchubua tumbo na kuumiza figo, hasa za mzee. Daktari alikuwa akimpima damu, akapunguza kipimo hadi kile kidogo kabisa kilichomwezesha kulala chini. Tulipojaribu kushuka zaidi ya hapo, maranda hayakuonekana tena mkiani asubuhi, na hilo ndilo lililotuambia turudi kwenye kile kipimo kidogo kilichokuwa kinatosha.

Kwa wanaofuga, ningependa pia mjue upande wa pili. Farasi mzima anayelala chini mchana kwenye jua, wenzake wakiwa karibu, mwacheni. Lakini akiwa chini muda mrefu kuliko kawaida yake, akiinuka na kulala tena na tena, akigeuza shingo kutazama ubavu wake, akijiviringisha na kutoka jasho, hapo hatafuti usingizi. Tumbo linamuuma, na daktari aitwe mara moja. Akiwa amelala karibu mno na ukuta hata miguu imenaswa, asivutwe kwa mkia wala kwa kichwa. Aitwe msaada, apitishiwe kamba kwenye miguu ya upande wa chini, na agaagazwe upande wa pili na watu waliosimama mbali na kwato, upande wa mgongo. Kadiri anavyokaa pale ndivyo misuli ya upande wa chini inavyozidi kukosa damu, kwa hiyo akishainuka atembezwe polepole na kuangaliwa kama anakanyaga miguu yote minne sawasawa.